Neno "PDF" Ndani ya Pikseli 16

Fungua folda yoyote kwenye kompyuta, kisha uchague mwonekano wa orodha. Kando ya kila jina la faili kuna kipicha kidogo, aikoni, kinachokujulisha faili ni la aina gani. Kwenye laptopu za skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ambazo bado zimejaa maofisini na kwenye vibanda vya steshenari, kipicha hicho kina upana wa milimita 4 hivi. Ndani yake mara nyingi kumeandikwa neno: PDF, ZIP, MP3. Kimo cha kila herufi ni milimita moja na ushee.

Katika programu moja neno hilo utalisoma bila kukodoa macho. Katika nyingine, kwenye skrini ileile, utaona doa la waridi lenye michirizi. Skrini haina kosa. Aikoni ya kwanza imepita mikononi mwa mtu aliyekaa akaliandika neno upya, pikseli moja baada ya nyingine, kwa ajili ya ukubwa ule peke yake. Ya pili ilichorwa kubwa, kisha kompyuta ikaachiwa kazi ya kuipunguza.

Makala haya yanafuatilia kazi hiyo ya mkono kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: aikoni ya faili la PDF yenye pikseli 16 kwa 16, ambayo ni karatasi nyeupe yenye utepe mwekundu, na juu ya utepe herufi tatu nyeupe.

Kwa nini kupunguza picha huharibu maandishi

Mchoraji wa aikoni kwa kawaida huanza na picha kubwa, tuseme pikseli 256 kwa 256. Kwa ukubwa huo neno PDF huandikwa kwa fonti nene ya kawaida na hupendeza. Tatizo huanza picha ile inapotakiwa iwe 16 kwa 16. Hapo eneo lenye upana wa pikseli 16 na kimo cha pikseli 16 katika picha kubwa, yaani pikseli 256 kwa jumla, lazima liwe pikseli moja tu katika picha ndogo. Pikseli moja ina rangi moja. Kwa hiyo kompyuta huzichanganya rangi zile zote na kutoa wastani.

Sasa itazame herufi P. Tuseme mstari wake wa wima, tuuite nguzo, una unene wa pikseli 12 katika picha kubwa. Nguzo hiyo ikibahatika kuangukia yote ndani ya kisanduku kimoja cha pikseli 16, kisanduku kitakuwa na weupe wa robo tatu, na pikseli itakayotokea itakuwa nyeupe yenye wekundu kidogo. Hilo linavumilika. Lakini nguzo ikiangukia mpakani, pikseli 6 zikiwa kisanduku hiki na 6 kisanduku jirani, kila kisanduku kitapata weupe usiofika asilimia 40. Badala ya nguzo moja nyeupe utapata nguzo mbili za waridi zilizobanana, na hakuna hata moja inayojitokeza juu ya utepe.

Mianya huumia kuliko nguzo. Tuseme kati ya herufi mbili kuna nafasi ya pikseli 8, na nafasi hiyo ikaangukia mpakani. Kila kisanduku kitabeba pikseli 4 za mwanya na 12 za herufi iliyo kando yake. Wastani wake ni robo tatu ya weupe, sawasawa na nguzo iliyokaa vizuri. Mwanya umegeuka kuwa sehemu ya herufi, na jicho halina tena mahali pa kujua P imeishia wapi na D imeanzia wapi.

Programu za picha zina njia mbalimbali za kupunguza, nyingine zikiwa na hesabu ndefu kuliko wastani huu, lakini zote hukutana na ukuta huohuo: rangi moja lazima isimame badala ya nyingi. Njia ya kuokota pikseli moja katika kila kisanduku na kuzitupa zilizobaki haileti waridi, ila huweza kuifuta nguzo nzima ikiwa pikseli iliyookotwa ilikuwa nje yake. Picha ya vekta, ile iliyohifadhiwa kama maumbo ya hesabu badala ya pikseli, nayo haina kinga. Siku ya kuonyeshwa kwenye skrini lazima igeuzwe kuwa pikseli, na ukingo wa herufi usiolingana na mpaka wa pikseli utatoa waridi ileile.

Kompyuta haijakosea hesabu. Imeulizwa ni weupe kiasi gani uliopo katika kila kisanduku, ikajibu kweli. Swali ambalo haikuulizwa ni hili: pikseli zipi zikiwa nyeupe, msomaji atasema hii ni P? Swali hilo hujibiwa na mtu.

Waliotangulia

Ufundi huu una umri wa kompyuta zenye picha. Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotolewa na Apple mwaka 1984, alianza kazi yake kwenye karatasi ya mirabaraba. Kila aikoni ilikuwa na miraba 32 kwa 32, na kila mraba ulikuwa mweusi au mweupe, bila rangi ya katikati. Anayewafahamu akina mama wanaoshona vitambaa vya makochi kwa mshono wa msalaba ataielewa kazi hiyo mara moja: maua na maandishi yote hutokana na kuhesabu matundu ya kitambaa, na herufi huchorwa kwa kadiri ya matundu yaliyopo.

Mfano wa pili unatoka kwa wachora fonti. Matthew Carter alipoichorea Microsoft fonti ya Verdana, iliyotolewa mwaka 1996, alibadili mpangilio uliozoeleka. Alianza na herufi za pikseli kwa saizi ndogo, akaamua kila nguzo ikae wapi, ndipo baadaye akachora maumbo laini yaliyozifuata pikseli hizo. Hivyo ndivyo Verdana ilivyosomeka vizuri kwenye skrini za wakati ule.

Sisi tunafanya jambo hilohilo kwa eneo dogo zaidi. Hata Verdana ina herufi pana mno kwa utepe wetu, kwa hiyo hatutaandika kwa fonti yoyote. Tutachora.

Bajeti ya pikseli

Kabla ya kugusa penseli, hesabu. Herufi ndogo kabisa ya Kilatini ambayo alfabeti karibu yote inaweza kuchorwa nayo na bado ikatambulika ina upana wa pikseli 3 na kimo cha pikseli 5. Upana wa 3 unakupa nguzo ya kushoto, nafasi ya ndani, na nguzo ya kulia. Kimo cha 5 kinakupa mstari wa juu, wa katikati na wa chini, pamoja na nafasi moja moja baina yao. Ukipunguza kimo kiwe 4, herufi kama E, S na B hukosa mahali pa kuweka mstari wa katikati. Ndiyo maana kimo cha witiri, 5 au 7, hupendelewa: juu na chini ya mstari wa katikati panabaki nafasi sawa.

Herufi tatu zenye upana wa 3 ni pikseli 9. Ongeza mwanya wa pikseli 1 kati ya kila mbili, jumla ni 11. Maandishi yetu basi ni 11 kwa 5.

Herufi ni nyeupe, na karatasi iliyo nyuma ya utepe ni nyeupe pia. Herufi ikigusa ukingo wa utepe itaungana na karatasi na kupoteza umbo. Kwa hiyo utepe lazima ubakize walau pikseli 1 ya wekundu kila upande. Utepe unakuwa 13 kwa 7.

Hapa anayeanza hukwama, kwa sababu ameshaichora karatasi. Karatasi yenye upana wa pikseli 12 huonekana vizuri ndani ya mraba wa 16, lakini utepe wa 13 haukai ndani yake. Kuyabana maandishi haiwezekani, kwani hakuna pikseli ya kupunguza. Suluhisho ni kuiacha karatasi iyafuate maandishi. Utepe unaruhusiwa kutokeza nje ya karatasi pikseli moja kushoto na moja kulia, na karatasi yenyewe inapewa upana wa 11. Sababu ya kuchagua 11 badala ya 12 ni kwamba utepe wa witiri na karatasi ya witiri zina safu moja ya katikati, hivyo utepe hauegemei upande mmoja.

Ukihesabu safu za wima kuanzia kushoto, karatasi itakaa safu ya 3 hadi ya 13, na utepe safu ya 2 hadi ya 14. Upande wa kushoto imebaki safu moja tupu, wa kulia mbili. Haiwezekani kuzigawa sawa, kwa sababu kitu cha witiri hakikai katikati kamili ya mraba wa 16. Safu ya ziada ya kulia unaweza kuiacha wazi au kuiwekea kivuli hafifu. Kwa mlalo, karatasi inachukua mistari yote 16, utepe unakaa mstari wa 8 hadi wa 14, na herufi mstari wa 9 hadi wa 13.

Ile mistari ya kijivu ambayo wachoraji hupenda kuichora kwenye karatasi kuonyesha maandishi ya kubuni, hapa iache. Kwa ukubwa huu jicho haliwezi kutofautisha michirizi ya pambo na michirizi ya herufi, na pambo litalivuta jicho kutoka kwenye neno.

Kuchora herufi

Haya ndiyo maandishi yenyewe. Alama ya `#` ni pikseli nyeupe, nukta ni pikseli nyekundu:

```
##..##..###
#.#.#.#.#..
##..#.#.##.
#...#.#.#..
#...##..#..
```

Utazame mstari wa pili. Nyeupe na nyekundu zinapokezana kuanzia nguzo ya kwanza ya P hadi nguzo ya F, kwa sababu nafasi iliyo ndani ya P, mwanya kati ya P na D, nafasi ya ndani ya D na mwanya unaofuata vyote vina upana uleule wa pikseli 1. Mstari huo peke yake hausomeki. Kinachoziunganisha nguzo ziwe herufi ni mistari iliyo juu na chini yake. Ndiyo sababu pikseli za pembe zina uzito mkubwa.

Angalia pembe ya juu kulia ya P. Ungeweza kuijaza, na P ingekuwa na kichwa cha mraba. Ukiiacha nyekundu, unapata mambo mawili kwa pikseli moja: P inapata mviringo wake, na juu kabisa mwanya kati ya P na D unakuwa wa pikseli 2. Mwanya huo mpana kwenye mstari wa kwanza ndio unaoliambia jicho kwamba herufi moja imekwisha.

D nayo inaitegemea pembe. Ukizijaza pembe zake mbili za kulia, inakuwa sifuri ya mraba. Ukihamisha pikseli yake ya kulia ya mstari wa tatu iende katikati, inakuwa B. Kati ya D na B pana tofauti ya pikseli mbili tu, na kati ya D na sifuri vilevile mbili. Kwenye chapa ya kitabu pikseli mbili zisingeonekana. Hapa ndizo zinazoamua neno.

F imepewa mstari wa juu wa pikseli 3 na wa katikati wa 2. Ukiurefusha ule wa katikati uwe 3 herufi haiharibiki, ila inakuwa nzito na mkono wake unalingana na kichwa. Mkono mfupi huitambulisha F haraka zaidi.

Zipo herufi zisizoikubali bajeti ya 3. M ina nguzo mbili na bonde katikati, na bonde linahitaji nafasi ya kushuka na kupanda. Ukiibana ndani ya safu 3 inafanana na H. Ipe safu 5:

```
#...#
##.##
#.#.#
#...#
#...#
```

Neno MP3 basi lina upana wa 5 na 3 na 3 pamoja na mianya miwili, jumla 13, na utepe wake utakuwa 15. Linaingia. HTML, kwa hesabu hiyohiyo, lina 3 na 3 na 5 na 3 na mianya mitatu, jumla 17, ilhali mraba mzima una 16. Haliingii, na hakuna ujanja wa kuliingiza bila kuiharibu M. Hapo mchoraji mwenye busara huacha neno na kuweka alama, kama vile mabano mawili ya pembe ambayo wanaoandika kurasa za wavuti huyafahamu.

Rangi, na pale ambapo rangi ya katikati inafaa

Nguzo ya pikseli moja haina unene wa kuikinga. Nguvu yake yote ni tofauti ya mwanga kati yake na kilicho kando yake. Kwa hiyo nyekundu ya utepe iwe ya giza, na iwe moja tu: kwa mfano wetu `#C00000`. Wachoraji wengi huupaka utepe mkubwa rangi inayofifia kutoka juu kwenda chini ili ung'ae. Kwenye utepe wa mistari 7 mng'ao huo huwa na maana kwamba herufi za juu zinapigana na wekundu hafifu na za chini na wekundu mzito, na neno hukosa nguvu sawa. Uondoe.

Katika mfano wa 16 kwa 16 hatukutumia waridi hata kidogo ndani ya maandishi. Hiyo si kanuni ya saizi zote. Kwa aikoni ya 24 kwa 24 herufi zinaweza kuwa na upana wa 5 na kimo cha 7, na hapo pembe za D huanza kuonekana kama ngazi. Pikseli moja ya rangi ya katikati, `#E08080`, ikiwekwa kwenye pembe ile iliyokatwa, hulainisha ngazi bila kuigusa nguzo. Inafaa vilevile kwenye milalo ya N, Z na X. Haifai kamwe kandokando ya mstari ulionyooka, wa wima au wa mlalo, kwa sababu mstari ulionyooka hauna ngazi ya kulainisha. Ukiona waridi kando ya nguzo, ujue ni mabaki ya kupunguzwa na mashine. Ifute.

Kazi yenyewe kwenye programu

Programu yoyote inayokuruhusu kupaka pikseli moja moja inatosha. GIMP ni ya bure na inazo zana zote. Tengeneza picha mpya ya 16 kwa 16 yenye usuli usio na rangi, ikuze hadi asilimia 1600, na uwashe gridi kwa `View > Show Grid`. Gridi ya pikseli moja moja huwekwa kwenye `Image > Configure Grid`.

Chombo ni `Pencil`, si `Paintbrush`. Brashi hulainisha kingo za kila alama inayoweka, nawe utajikuta na waridi ambayo hukuichagua. Penseli yenye ukubwa wa 1 hupaka pikseli nzima au haipaki kabisa. Usitumie zana ya maandishi, na usinakili neno kutoka kwenye picha kubwa. Picha kubwa iweke pembeni kama kumbukumbu ya rangi na umbo tu.

Utepe uwe kwenye tabaka lake na herufi kwenye tabaka lake, ili uweze kuzisogeza herufi pikseli moja bila kuuchimba utepe. Kisha fungua dirisha la pili la picha ileile kwa `View > New View` na uliache kwenye asilimia 100. Kwenye dirisha kubwa unapaka, na kwenye dirisha dogo unaamua. Pikseli iliyoonekana sahihi ikiwa imekuzwa mara 16 inaweza kuonekana kosa kwa ukubwa wake halisi. Wa kusikilizwa ni ule ukubwa halisi, kwa kuwa ndio msomaji atakaouona.

Ukimaliza, hifadhi kwa PNG, au kwa ICO ikiwa aikoni ni ya Windows. Usitumie JPEG hata mara moja. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria kilichomo, na mara nyingi huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga. Nguzo nyeupe juu ya nyekundu ndiyo picha inayoumia zaidi kwa ukadiriaji huo: wekundu humwagikia ndani ya herufi na hautoki tena.

Jinsi ya kujua kama imebaki safi

Kazi inaweza kutoka safi mikononi mwako ikaharibiwa njiani. Programu iliyoipokea huenda imeipunguza au kuikuza kidogo, au imeiweka katikati ya pikseli mbili. Kwa macho utasema tu kwamba imepoa. Kipo kipimo cha uhakika: hesabu rangi. Aikoni yetu ina nyeupe, nyekundu, kijivu cha ukingo wa karatasi, usuli usio na rangi ambao nao huhesabiwa, na pengine moja au mbili za kona iliyokunjwa. Programu ya ImageMagick huzihesabu kwa amri hii:

```
magick identify -format "%k" pdf-16.png
```

Ikijibu 4, 5 au 6, faili ni safi. Ikijibu 38, kuna mashine iliyoigusa. Baada ya hapo piga picha ya skrini pale aikoni inapotumika, ikate ibaki aikoni peke yake, na uikuze bila kulainisha:

```
magick kipande.png -scale 1600% kubwa.png
```

Kila pikseli itakuwa mraba wa 16 kwa 16 wenye rangi moja, nawe utaona wazi kama nguzo ya P ni nyeupe au imegeuka waridi mbili. Faili likiwa safi na picha ya skrini ikiwa chafu, tatizo liko kwenye programu inayoonyesha, na kuchora upya hakutasaidia kitu.

Kipimo cha mwisho ni cha msomaji. Mwonyeshe mtu asiyejua unachochora, kwenye orodha yenye mafaili mengine, na umwombe asome. Akisema "PBF", rudi kwenye mstari wa tatu wa D.

Mpaka wa kazi hii

Aikoni iliyochorwa kwa pikseli ni safi kwa ukubwa mmoja tu. Huo ndio udhaifu wake, na lazima upangiwe tangu mwanzo. Windows ikiwekwa ikuze kila kitu kwa asilimia 125, aikoni ya orodha haitakiwi tena kuwa na pikseli 16 bali 20. Kwa asilimia 150 ni 24, na kwa asilimia 200 ni 32. Faili lako likiwa na 16 peke yake, kompyuta itaivuta hadi 20. Pikseli 16 kuwa 20 maana yake ni kwamba kila pikseli 4 lazima ziwe 5, na hapo ama nguzo moja itanenepa kuliko mwenzake, ama zote zitapata waridi. Kazi yote imepotea kwa mtumiaji huyo.

Faili la ICO limeundwa kwa ajili ya hali hii: ndani yake hukaa picha kadhaa za saizi tofauti, na Windows huchagua iliyo sahihi. Ukiwa na picha zako tayari, huziunganisha hivi:

```
magick pdf-16.png pdf-20.png pdf-24.png pdf-32.png pdf-48.png pdf-256.png pdf.ico
```

Kila moja kati ya zile ndogo nne inastahili kuchorwa kwa mkono, na hata ya 32 isiwe ile ya 16 iliyorudiwa mara mbili. Kurudia mara mbili hutoa herufi safi lakini zenye pembe za matofali, ilhali mraba wa 32 una nafasi ya nguzo za pikseli 2, herufi zenye upana wa 7, na D iliyo na mviringo wa kweli. Kuanzia 48 kwenda juu fonti ya kawaida huanza kujitegemea: iweke kwenye picha, sogeza nguzo zilingane na mipaka ya pikseli, na uiache.

Kwa hiyo mtu anayepanga kutengeneza aikoni kumi za aina za mafaili ajue kwamba hana michoro kumi mbele yake. Ana michoro 40 midogo ya mkono, na mikubwa ambayo mashine itasaidia. Muda ukiwa mfupi, aanze na 16 na 24, kisha 32, na kwenye saizi ambayo hataifikia aondoe neno kabisa, aache karatasi na utepe wenye rangi ya aina ile ya faili. Utepe usio na neno bado unamwambia mtumiaji jambo la kweli. Neno lisilosomeka linamlazimisha kukodoa macho, halafu halimwambii kitu.